Indiketa ya mishale "asilimia 95": nilivyoijaribu hapa Mwanza

Dogo mmoja wa Kirumba anayeuza vifaa vya simu aliniletea hii indiketa ya forex inayotangazwa kupatia asilimia 95, kainunua laki moja na nusu kwenye grupu moja la Telegram, akaniambia kaka hebu iangalie kabla sijaweka hela kwenye akaunti ya kweli. Jina la muuzaji nalihifadhi, ila zipo nyingi za aina hii na zinafanana mno, mshale wa kijani chini kabisa ya bonde, mwekundu juu kabisa ya kilele, ukirudisha chati ya wiki nzima nyuma huoni mshale hata mmoja uliokosea. Na hapo ndo nilianza kutilia shaka maana soko la hivyo halipo.

Nikaifunga kwenye MT4, programu ya kutredia forex, akaunti ya demo, EURUSD chati ya dakika 15, nikawasha alati. Asubuhi bei inashuka, mshale wa kijani ukatokea kwenye 1.0842, alati ikalia bei ikiwa 1.0850, nikanunua na stop losi ya pipsi 20. Bei ikashuka hadi 1.0829, stop losi ikaliwa. Naangalia chati, mshale wa 1.0842 haupo! Umehamia 1.0829, alati inalia tena, nikanunua 1.0836, bei ikaenda mpaka 1.0814, ikaliwa tena, na mshale ukahamia huko chini. Alati ya tatu nikaingia 1.0823 na safari hii bei ikapanda kweli mpaka 1.0861.

Sasa anayefungua chati jioni anaona nini? Mshale mmoja tu, 1.0814, na bei imepanda pipsi 47. Mimi niliyekaa pale nimepigwa 20 mara mbili, na ile ya tatu hata ningeuza juu kabisa ningepata 38, yaani siku nzima bado niko hasi pipsi 2, halafu hapo sijahesabu spredi, na hiyo juu kabisa yenyewe nayo mshale wake mwekundu ulikuwa unahama hama vilevile.

Kilichomo ndani kwa jinsi inavyotembea ni ZigZag ileile inayokuja bure na MT4, wamebandika mishale kwenye kona zake. Ukiiweka ya kawaida na mipangilio yake ya 12, 5, 3 kona zinaangukia palepale. Hiyo 12 ni idadi ya mishumaa inayoangalia kutafuta chini kabisa, kwa hiyo soko likiwa linaporomoka karibu kila mshumaa mpya unaweza kuwa "chini kabisa", na ikipata chini mpya inafuta ile ya zamani na kuvuta mstari. Mguu wa mwisho wa ZigZag siku zote ni wa muda. Ni kama mvuvi anayekuonyesha pa kutega nyavu baada ya samaki kushapita. ZigZag yenyewe haina kosa jamani, imetengenezwa kusoma mawimbi yaliyopita, naitumia kuchora viwango, ubaya ni kuiuza kama ishara ya kuingia.

Kingine, umeme ulikatika Nyegezi mchana laptop ikazima (betri yangu imekufa zamani), nilivyowasha MT4 ikapiga hesabu upya na ushahidi wote ukawa umesafishwa, chati safi kama ya tangazo. Kilichoniokoa ni kumbukumbu za kile kidirisha cha chini cha Experts, alati zote tatu zimeandikwa na saa zake, na hizo hazifutiki mshale ukihama, zinabaki kwenye faili ndani ya folda ya MQL4\Logs. Hesabu alati, hesabu mishale, zisipolingana unajua unauziwa nini.

Kama huna muda wa kukaa na chati, fungua Strategy Tester, chagua Indicator, washa Visual mode, punguza spidi halafu kodolea mshale wa mwisho. Ila usichanganye, indiketa kubadilika wakati mshumaa bado haujafunga ni kawaida, hata indiketa ya RSI inafanya hivyo. Shida ni ikibadilisha mshale kwenye mshumaa uliofunga kitambo. Na wapo wanaochelewesha, wanasubiri mishumaa kadhaa ndo wanauchora mshale nyuma kule chini, huu hauhami wala haupotei, ila bei uliyoonyeshwa hukuwahi kuipata, kwa hiyo linganisha pia bei ya alati na mahali mshale ulipokaa.

Dogo alimtumia muuzaji skrinshoti mbili, ya saa nne na ya jioni, chati ileile. Jibu: "bro tatizo lako ni saikolojia." Alivyouliza hela yake akatolewa kwenye grupu. Natoa nyota moja kati ya tano, hiyo moja ni ya alati maana angalau zenyewe zilikuwa zinasema kweli.