Uzoefu wangu na kipima sukari cha vifupisho: kizio, saa, na pale kidole kinapoteleza

Hiki ni kipima sukari cha kawaida, cha aina inayoletwa na ndugu aliyeko nje au kununuliwa dukani bila kitabu cha Kiswahili. Kina kitufe kikubwa cha M usoni, tundu la stripu, betri 2 nyembamba za rimoti, na kitufe kidogo cha SET kilichofichwa ndani ya kifuniko cha betri. Nimekitumia miezi 5 kila siku kumpimia mgonjwa anayechoma insulini. Upimaji wenyewe sina neno nao: tone dogo la damu linatosha, jibu linatoka ndani ya sekunde chache, na majibu hayaachani mno na ya maabara. Tatizo liko kwenye kuiseti, hasa siku ya kubadili betri.

Ukitoa betri, tarehe na saa hupotea. Ukirudisha, lazima upite mpangilio mzima upya, na ndani ya mpangilio huo kuna hatua ya kizio, yaani namna mashine inavyohesabu sukari: mmol/L au mg/dL. Kwa hiyo hata kama ulikuja kurekebisha saa tu, utapita mlango wa kizio. Hapo ndipo makosa yanapoingilia.

Hatua zenyewe ziko hivi. Hakikisha hakuna stripu tunduni na skrini imezimika. Fungua kifuniko cha nyuma, bonyeza SET mara moja. Mwaka utaanza kuwaka na kuzima. M inaongeza namba, SET inakubali na kukupeleka mbele. Baada ya mwaka unakuja mwezi, kisha siku, kisha muundo wa saa (12H au 24H), kisha saa, kisha dakika, kisha kizio, na mwisho neno dEL. Ukikaa dakika 3 bila kugusa kitu mashine inajizima, nawe unaanza upya.

Sasa tazama kidole kinavyofanya kazi. Kwenye dakika, kama ni 47, utabonyeza M mara 47, au utaishikilia ikimbie. Kidole kinazoea mdundo. Unapiga SET kukubali dakika, na bila kufikiri kidole kinarudi kwenye M mara moja zaidi. Mara hiyo moja haiongezi dakika tena, inageuza kizio. Maandishi ya mmol/L kwenye kona ya skrini yana urefu wa kama milimita 2, na kwa mtu ambaye sukari imemgusa macho hayo si maandishi, ni vumbi. Unapiga SET tena, unaona dEL, unafunga kifuniko, na mashine imekwisha kuhama lugha. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani ilitoa onyo kwa sababu hii hii: vipimo vilivyoweza kubadilika kizio bila mtumiaji kukusudia, hasa wakati wa kuseti saa na tarehe. Ndiyo maana mashine nyingi za leo zinafungwa kizio kiwandani na huwezi kukibadili kabisa. Ukiwa na uchaguzi, nunua iliyofungwa kwenye kizio cha hospitali yako.

Kuhusu dEL: maana yake ni kufuta kumbukumbu zote. Ukiishikilia M hapo, majibu yote ya nyuma yanaondoka. Bonyeza SET tu, litokee neno OFF, na kazi imekwisha.

Kizio kina uzito gani? mg/dL inahesabu uzito wa sukari: miligramu ngapi ndani ya desilita moja ya damu. mmol/L inahesabu idadi ya molekuli: milimoli ngapi ndani ya lita. Milimoli moja ya glukosi ina uzito wa miligramu 180, na lita ina desilita 10, hivyo uhusiano wao ni 18. Jibu la mmol/L zidisha kwa 18 upate mg/dL, jibu la mg/dL gawa kwa 18 upate mmol/L. Kwa hiyo 5.0 ni 90, 7.0 ni 126, na 10.0 ni 180. Kliniki zetu nyingi Tanzania na Kenya zinaandika mmol/L. Marekani na Saudi Arabia wanatumia mg/dL, na mashine nyingi zinazotumwa na ndugu wa huko huja hivyo.

Mtu anaweza kusema tofauti ya mara 18 ni kubwa mno, hakuna atakayekosea. Ingekuwa kweli kama tusingekuwa na nukta. Aliyezoea mmol/L amezoea namba yenye nukta, na akiona namba isiyo na nukta, jicho lake linaiweka. Hapo tofauti si mara 18 tena. Inashuka hadi chini ya mara 2, na namba ya uongo inafanana kabisa na namba ya kweli.

Chukua mgonjwa mwenye sukari ya 12.4 mmol/L kabla ya chakula cha jioni. Mashine imegeuka, inaonyesha 223. Anaisoma 22.3. Tuseme karatasi aliyoandikiwa na daktari inasema: kati ya 10 na 15 ongeza yuniti 2, juu ya 20 ongeza yuniti 6, na kwa mwili wake yuniti moja inashusha sukari kama 2.5. Yuniti 2 zingemfikisha karibu 7.4. Yuniti 6 zinataka kushusha 15, na yeye ana 12.4 tu. Huyo ataanza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa usiku, pengine akiwa amelala.

Chini kabisa ni pabaya zaidi. Sukari ya 3.5 mmol/L imeshashuka, ni ya kumpa juisi au glukosi papo hapo. Mashine iliyogeuka inaonyesha 63. Jicho linasoma 6.3, jibu zuri kuliko yote ya wiki, na mtu anachoma sindano yake ya kawaida.

Kinyume chake pia hutokea, kwa simu. Mgonjwa anaona 12.4, anamsomea mwanawe aliyeko Marekani "moja, mbili, nne", na mwana aliyezoea mg/dL anamjibu kwamba 124 si mbaya. Ukweli ni 223. Ukisoma jibu kwa simu, tamka nukta na utamke kizio: kumi na mbili nukta nne, milimoli.

Namna ya kujua mashine iko wapi: usitegemee skrini ya kuwasha. Inapowaka, alama zote huwaka pamoja kwa sekunde moja, 888 yenye nukta, mg/dL na mmol/L kwa wakati mmoja, kuonyesha kwamba skrini haina sehemu iliyokufa. Subiri ipite, kisha bonyeza M uitazame kumbukumbu ya mwisho. Ina nukta? Ni mmol/L. Haina? Ni mg/dL. Kwenye mashine hii kumbukumbu za zamani hubadilishwa pamoja na kizio, kwa hiyo linganisha na daftari: kama jana uliandika 8.2 na mashine inasema 148, umepata jibu. Ukaguzi mzuri kuliko wote ni wa maji ya kupimia yanayouzwa pamoja na stripu. Washa kwa stripu, chagua alama ya CTL ili jibu lisiingie kwenye wastani, weka tone, kisha linganisha na mipaka iliyoandikwa kwenye kichupa cha stripu. Changu kinasema 102–138 upande wa mg/dL na 5.7–7.7 upande wa mmol/L. Kwa tone moja unajua kizio na unajua stripu bado ni nzima.

Tuje kwenye saa, ambayo wengi wanaidharau. Mashine haijui saa ya Kiswahili. Saa 1 asubuhi kwake ni 07:00, saa 1 usiku ni 19:00, saa 7 mchana ni 13:00, na saa 7 usiku ndiyo 01:00. Mtu akiseti saa 1 asubuhi kwa kuandika 1:00, kila jibu linarudi nyuma saa 6. Kipimo cha saa 12 na nusu asubuhi, kabla ya chai, kinaandikwa 0:30. Kipimo cha saa 9 usiku kinaandikwa 21:00 ya siku iliyotangulia. Daktari anayesoma kumbukumbu anaona sukari ya usiku wa manane mahali pa sukari ya asubuhi, na anaweza kupunguza au kuongeza insulini ya usiku kwa jambo ambalo halikutokea usiku. Chagua 24H, maana 12H inakuletea AM na PM, na 12:00 AM ni saa 6 usiku, si mchana. Tarehe nayo iangalie: mashine hii inatanguliza mwezi, hivyo 03-07 ni tarehe 7 Machi.

Jambo jingine ambalo kitabu hakisemi wazi: kurekebisha saa hakurekebishi majibu ya zamani. Yanabaki na muhuri wao wa makosa. Na wastani wa siku 7, 14 na 30 unahesabiwa kwa tarehe, kwa hiyo ukiacha mwaka wa kiwandani miezi 2 kisha ukausahihisha, wastani utatoka mtupu ingawa kumbukumbu zipo. Nakili majibu daftarini kwanza, ndipo usahihishe.

Vifupisho vilivyobaki havisumbui. AC na PC ni Kilatini, kabla ya chakula na baada ya chakula, na unavichagua kwa M mara baada ya jibu. LO ni sukari iliyo chini ya 1.1 mmol/L, HI ni iliyo juu ya 33.3, hapo hakuna namba ya kungoja: kwa LO juisi au glukosi ni papo hapo kama nilivyosema, kisha kwa zote mbili rudia kipimo kwa kidole kilichooshwa, na ikirudi vilevile nenda hospitali.

Ningeinunua tena? Kwa mtu anayetumia vidonge tu na anayeona vizuri, ndiyo, bei ya stripu zake inavumilika. Kwa anayechoma insulini na kuishi peke yake, hapana, achukue iliyofungwa kizio. Iliyopo hapa nimeibandikia plasta mgongoni yenye maneno mawili kwa kalamu ya wino mzito, NUKTA LAZIMA, na betri zinabadilishwa asubuhi, kukiwa na mtu wa pili wa kuitazama ile kona ya skrini.