Zana za Sanduku la Kurithi: Tunazitaja Kutoka Kwenye Picha

Habari zenu watazamaji, karibuni sana. Leo mezani hakuna bidhaa mpya, kuna picha moja. Dada mmoja anayetufuatilia amerithi sanduku la useremala la marehemu babu yake. Amefungua kifuniko, amepiga picha kutoka juu, kisha akauliza maswali mawili: hivi vitu vinaitwaje, na kipi nisikubali kukiachia? Picha nimeiweka hapo kwenye skrini, nanyi mnaweza kuivuta karibu tukiendelea.

Dada yangu, kabla sijataja jina lolote nakuomba jambo moja. Usisugue kitu chochote kwa brashi ya waya, na usipeleke chochote kwenye mashine ya kusaga. Majina ya watengenezaji na namba za zana hizi zimegongwa au kusubiwa kwenye chuma na mbao, nazo ndizo zitakazotupa uhakika pale picha inapogota. Kwa sasa futa vumbi kwa kitambaa, paka mafuta mepesi, basi.

Tuanze na randa, maana ndizo zinazochanganya watu. Upande wa kushoto mnaona randa mbili za chuma zimelala sambamba. Zote zina kishikio cha mviringo mbele, mpini nyuma, na kisu kilichoegemea katikati. Ukizitazama haraka utasema ni randa moja, kubwa na ndogo. Sasa fanya hivi: pima kwenye skrini upana wa kitako, halafu hesabu upana huo unaingia mara ngapi kwenye urefu. Ile ya juu unaingia karibu mara nne. Ile ya chini unaingia mara tano na nusu hivi.

Hesabu hiyo inafaa kwa sababu picha haina rula pembeni, lakini uwiano hauhitaji rula. Randa za chuma za mtindo huu, ambao kampuni ya Stanley iliusambaza duniani na wengine wengi wakauiga, zilipewa namba kufuata ukubwa. Namba 4 ina urefu wa inchi 9 na kitu, yaani karibu sentimita 24. Hiyo ndiyo randa ya kulainishia, inayopita mwisho kabla ya kazi kupakwa rangi au vanishi. Namba 5 ina inchi 14, karibu sentimita 36, nayo ni randa ya kupunguzia: inaondoa mbao nyingi kwa haraka mwanzoni mwa kazi. Kisu cha zote mbili kwa kawaida kina upana uleule wa inchi 2, kwa hiyo ukipima kisu peke yake hutajua umeshika ipi. Ingekuwepo namba 7, ile randa ndefu ya kunyooshea kingo za mbao zinazounganishwa, upana ungeingia kwenye urefu zaidi ya mara saba. Kwenye sanduku hili haipo.

Uwiano huu unadanganya pale randa inapokuwa imeinama kwenye picha, maana inaonekana fupi kuliko ilivyo. Hizi mbili zimelala bapa, ndiyo maana nazungumza kwa kujiamini. Hata hivyo geuza macho, dada, utafute namba iliyosubiwa mwilini, karibu na kishikio cha mbele au nyuma ya mpini. Ukiikuta, mjadala umekwisha.

Halafu kuna jambo ambalo picha imelinasa vizuri sana, na limenifurahisha. Kisu cha ile ndefu kimechomoza kidogo mdomoni. Vuta karibu. Makali yake hayajanyooka, yamepinda kidogo, katikati yako mbele na pembe zimerudi nyuma. Mtu asiyejua atasema kisu kimenolewa vibaya, atakikalisha kwenye jiwe mpaka makali yawe mstari. Asifanye hivyo! Randa ya kupunguzia hunolewa hivi kwa makusudi, ili ikate kwa kina katikati na pembe za kisu zisichimbe mifereji kwenye mbao. Mzee aliitumia kama inavyotakiwa, na kisu chake kinatueleza kazi yake. Ukikinyoosha, umefuta matayarisho ya fundi na umepata randa ya kulainishia iliyo ndefu kupita kiasi.

Katikati ya picha kuna randa fupi isiyo na mpini wa nyuma, ya kushikwa kwa mkono mmoja, mgongo wake ukiingia kiganjani. Hii ni randa ndogo ya vichwa vya mbao, yaani pale nyuzi zilipokatwa na kuishia. Tofauti yake kubwa iko kwenye kisu: kimelala chini sana, na hanamu ya makali inatazama juu. Kwenye zile mbili za kwanza hanamu inatazama chini, na juu ya kisu limefungwa bamba la pili kwa skrubu. Mkumbuke hili siku mtakapozifungua kuzisafisha, kwa sababu kisu kikirudishwa kimegeuka, randa itakwaruza badala ya kutoa maranda, na mtu ataishia kuilaumu randa.

Ile ya nne ni ya mbao tupu, nyembamba, imesimama kwa ubavu, na kisu chake kimebanwa kwa kabari. Hapa picha inatugawia nusu ya jibu. Tundu la kutolea maranda liko ubavuni, na kisu kinaonekana kufika mpaka ukingo wa mwili. Ikiwa kitako ni bapa, basi ni randa ya kukatia ngazi ukingoni mwa ubao, kama ile kioo cha dirisha kinapokaa. Ikiwa kitako kimebonyea au kimefura, ni randa ya kuchonga mapambo, na aghalabu hizo zilitengenezwa jozi, moja ya mbonyeo na nyingine ya mfuro. Nahitaji picha ya kitako na picha ya pua. Jina la mtengenezaji wa randa za mbao kwa kawaida hugongwa puani. Majina mengine yaliyogongwa huku na kule mara nyingi ni ya mafundi walioimiliki, mmoja baada ya mwingine. Pengine la babu nalo limo.

Sasa patasi. Ziko tano kwenye mfuko wa turubai, na watu wengi wangeziita zote patasi wakamaliza. Mbili za kwanza zina mbavu zilizoshuka kwa hanamu upande wa juu, hivyo kingo zake ni nyembamba. Hizo ni patasi za kuingia kwenye pembe kali, kwa mfano kwenye maungio ya droo. Zisukume kwa mkono au uzigonge taratibu. Ya tatu ina mbavu za mraba, imara zaidi, ni patasi ya kazi za kawaida. Ya nne ndiyo niipendayo: itazame kwa ubavu, utaona unene wa chuma chake unazidi upana. Hiyo ni patasi ya kuchimbia tundu ambalo ulimi wa ubao mwingine utaingia. Unene ule unaifanya ivumilie kugongwa kwa nguvu na kubinuliwa ili kutoa vipande. Mpini wake una pete ya chuma kichwani ili usipasuke. Ya tano imekunjwa kama mfereji, ni bobari.

Pembeni kuna kipande cha chuma kitupu chenye makali, hakina mpini, na kichwa chake kimepondeka mpaka kikamwaga kingo. Hiyo si patasi ya mbao. Ni tindo, ya kukatia chuma. Zile kingo zilizomwagika zisagwe kabla mtu hajaigonga tena, kwa sababu vipande huruka na jicho halina spea.

Twende kwenye tupa, na hapa ndipo kuvuta picha karibu kunapolipa. Ziko tatu na zote zina kutu ya aina moja, kwa hiyo rangi haitusaidii. Tazama jinsi mwanga ulivyokaa. Kwenye ya kwanza unaona mistari iliyonyooka inayokatizana: hiyo ni tupa ya chuma, meno yake yamekatwa kwa mistari. Kwenye ya pili huoni mistari, unaona vitone, kila jino limesimama peke yake. Hiyo ni tupa ya mbao. Upande mmoja ni bapa na mwingine umefura nusu duara, kwa hiyo inafaa kuchongea mipini na miguu ya viti. Na ukitazama vizuri vile vitone havijapangwa kwa safu zilizonyooka. Inawezekana sana meno yalipigwa kwa mkono, moja moja. Mpangilio huo usio sawa una faida yake: jino la nyuma halifuati njia ya jino la mbele, kwa hiyo uso wa mbao unatoka laini zaidi bila mifereji mirefu.

Ya tatu ni pana, bapa, nzito, na meno yake ni makubwa. Umbo hilo ni la tupa ya kwato, ile ya kusawazishia kwato za farasi. Mara nyingi upande wake mmoja una vitone na mwingine una mistari. Maseremala huitumia kupunguza mbao kwa haraka, si kwa umaliziaji.

Hizi tatu zisirundikwe tena pamoja. Chuma kigumu kikisuguana na chuma kigumu, ncha za meno huvunjika, na jino la tupa ya mbao likishavunjika halinoleki nyumbani kwa jiwe. Zifunge kila moja kwa kitambaa.

Kuhusu thamani, kuna mambo mawili ambayo picha hii haiwezi kutuonyesha. La kwanza ni ufa kwenye vitako vya randa za chuma. Chuma cha kusubu hakipindi kikianguka, hupasuka, na ufa huanzia mara nyingi kwenye pembe za mdomo. La pili ni mgongo wa patasi, ule upande bapa. Makali ni mahali pande mbili zinapokutana, kwa hiyo kutu ikiwa imechimba vishimo mgongoni karibu na ncha, utanoa hanamu mchana kutwa na makali yatabaki na mapengo. Kutu ya juujuu inafutika, vishimo haviondoki mpaka usage uso wote.

Kwa hiyo dada, usiiachie randa ndefu, patasi ya tundu, wala tupa ya nusu duara, hata akija mtu kukuambia ni vyuma chakavu. Nitumie picha tatu: vitako vya randa zote nne vikitazama juu, migongo ya patasi, na pua ya randa ya mbao. Weka rula kwenye kila picha, na mwanga utoke ubavuni, usitoke mbele, ili maandishi yaliyogongwa yatupe kivuli. Zikifika tutaitaja hiyo randa ya mbao kwa jina lake kamili.