Kabla ya kununua inveta, uliza yenyewe inakula wati ngapi

Muuzaji aliniambia betri yangu ya volti 12, ampia-saa 100, ingenitosha kwa saa 30. Alizidisha 12 kwa 100 akapata wati-saa 1200, akagawa kwa wati 40 za taa zangu nne na ruta. Siku umeme ulipokatika, baada ya saa 7 tu betri ilishafika nusu, nikalazimika kuzima.

Kufika nusu nilikutarajia. Betri ya risasi kama yangu ukiishusha chini ya nusu kila mara inakufa mapema, kwa hiyo 1200 ni 600 za kutumia. Pia inveta hupoteza kiasi inapogeuza umeme: ili taa zipate wati 40, betri hutoa kama 44. Lakini 600 kugawanya kwa 44 ni zaidi ya saa 13. Saa nyingine zilikwenda wapi?

Nilichomoa kila kitu, nikaacha inveta imewashwa peke yake, nikashika waya mnene wa betri kwa klampu mita inayosoma umeme wa betri (DC). Ikaonyesha ampia 3.3. Zidisha kwa 12: karibu wati 40. Inveta yangu ya wati 3000 ilikuwa inakula sawa na taa zote! Jumla 84, na 600 kwa 84 ni saa 7 na dakika chache.

Kwa hiyo mpangilio wangu wa inveta za kununua hauangalii ukubwa wala kioo kinachowaka rangi.

Ya kwanza ni Victron Phoenix 12/500, na sioni haya kuipendelea. Matumizi yake bila mzigo hayafiki wati 10, na kampuni inayaandika wazi. Tuseme ni 6: 44 na 6 ni 50, nami napata saa 12 kwa betri ileile. Mwisho wake ni kama wati 400, hivyo pasi na jiko la umeme usahau. Ina hali ya ECO inayolala na kuchungulia mzigo kila baada ya muda, ila ruta peke yake ni mzigo mdogo mno, huenda isiiamshe.

Ya pili ni inveta yoyote ndogo ya wimbi safi ambayo karatasi yake inataja matumizi bila mzigo. Kwa mzigo kama wangu, zikizidi wati 15 iache.

Inveta kubwa inunue kama una friji au pampu, na betri za kuibeba. Za bei rahisi zisizoandika namba hiyo sizipangi.

Kinachoniuma ni kwamba niliuliza dukani, nikajibiwa "haili kitu". Nikalipia wati 3000, natumia 40, na kila saa nalipia nyingine 40 za kuzungusha feni na kuchemsha bodi. Muuzaji mwenye klampu mita mezani angeweza kunionyesha kwa dakika moja. Nenda na yako, umwombe aiwashe bila mzigo mbele yako.