Kurudi Ulikoanzia: TracBack au Straight Line?
Ukisimamisha rekodi ya matembezi kwenye saa nyingi za Garmin na kuchagua Back to Start, utaona TracBack, inayokurudisha kwa njia ileile uliyopitia, na Straight Line, inayokuonyesha mwelekeo na umbali tu hadi ulipoanzia. Katika milima ya Uluguru, iliyokatwakatwa na mabonde ya vijito, mstari ulionyooka huonekana mfupi kwenye kioo lakini unaweza kukufikisha ukingoni mwa genge, hivyo mimi ningeuachia uwanda wa wazi. TracBack nayo hutegemea rekodi uliyoianzisha baada ya saa kunasa setilaiti, na chini ya miti minene mstari wake huweza kupotoka mita kadhaa kutoka kwenye njia halisi, jambo linalosumbua hasa penye njia panda.