Runinga peke yake kwenye VPN: nyota mbili, labda moja

Nilisubiri hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa.

Shida yangu ilikuwa ndogo tu: runinga ipite kwenye handaki la VPN, simu na laptopu zibaki kwenye laini ya kawaida. Ruta yangu ina OpenWrt, hilo inaliweza. Handaki la WireGuard nililitengea jedwali lake la njia, namba 100, lisije likameza nyumba nzima. Runinga nikaipa anwani ya kudumu kwa MAC yake, kisha kanuni hii kwenye `/etc/config/network`:

```
config rule
    option src '192.168.1.50/32'
    option lookup '100'
```

Wiki kadhaa nilikuwa natamba nayo. Halafu jioni moja, picha ikawa inakwamakwama, nikachomeka kebo badala ya Wi-Fi. Picha ikatulia, ila programu ikaniambia kipindi hakipatikani nilipo.

Nikawaandikia watoa huduma wa VPN. Jibu: "Ndugu mteja, seva zetu ni nzima. Kama runinga inakushinda, pitisha vifaa vyote." Vyote! Yaani nimekuja kununua mlango, naambiwa nibomoe ukuta. Nikauliza tena kwa upole, akafunga mazungumzo.

Nikaingia mwenyewe kwenye ruta, nikaandika `wg show`. `latest handshake` ilikuwa ya sekunde chache zilizopita, kwa hiyo handaki lilikuwa hai. Lakini namba za `transfer` hazikuwa zinapanda hata runinga ikicheza video. Yaani runinga ilikuwa haipiti humo kabisa. Nikatazama orodha ya vifaa: runinga ilikuwa na anwani nyingine. Kumbe tundu la kebo lina MAC yake na Wi-Fi ina yake! Kwa ruta, hiki kilikuwa kifaa kigeni, kanuni yangu ikawa inalinda anwani isiyo na mtu. Dawa: kuandika MAC zote mbili chini ya anwani ileile, mradi zisitumike kwa pamoja.

Basi, kwa shingo upande, yule jamaa alisema kweli kuhusu seva. Nikataka kumwongezea nyota ya tatu.

Siku chache baadaye nikazima handaki kwa majaribio. Runinga haikukatika, iliendelea kupitia laini ya kawaida, kimya kimya. Handaki likizimwa, njia yake inafutika, jedwali 100 linabaki tupu, na ruta inarudi kwenye jedwali kuu. Ilibidi niongeze kwenye jedwali 100 njia ya `unreachable` yenye `metric` kubwa, ili handaki lisipokuwepo runinga igonge mwamba. Nikarudia maelekezo yao ya kufunga ruta, mwanzo hadi mwisho. Hakuna hata mstari mmoja kuhusu hilo. Nyota ya tatu nimeifuta, na ya pili naitazama kwa jicho baya.