Nimepunguzwa fizi za mbele: uzoefu wangu, na kwanini daktari aligoma kuendelea

Naandika hii kwa wale ambao wakicheka fizi zinatoka nje kuliko meno, maana mimi nilikua hivo, nikitabasamu kabisa ufizi ulikua unaonekana kama milimita 5 juu ya meno ya mbele na meno yenyewe mafupi, yani yameenda upana na urefu karibu sawa. Huduma niliyofanyiwa ni ya kukata na kuchonga ufizi upya. Naipa alama nzuri sana, lakini kilichonifanya niiamini zaidi ni vipimo kabla ya kukata na namna daktari alivojua wapi asimame.

Kwanza alinipiga picha na video fupi nikiwa nimetulia, naongea na nacheka. Sikuelewa kwanini video mpaka aliponieleza kwamba ganzi ikishaingia mdomo wa juu unakufa nao, kwahiyo huwezi kumwambia mtu acheke ukiwa katikati ya kazi ukaamini unachokiona. Mstari wote wa kukata unapangwa kabla, na kwangu alitengeneza kiplastiki cha kuvaa juu ya meno chenye mpaka mpya, nikaona kabisa nitakavokua.

Alafu vipimo. Jino langu la mbele lilikua linaonekana milimita 8 tu, na kwa kawaida meno hayo huwa kama 10 au 11 hivi. Akaingiza kile kichuma chembamba chenye alama za milimita chini ya ufizi akipapasa mahali enameli inapoishia na mzizi unapoanza, akakuta ni milimita 2 juu zaidi. Maana yake jino halikua fupi, lilikua limefunikwa tu, ufizi haukurudi juu vizuri wakati meno yanaota. Hao ndio wanaofaa kabisa kwa kazi hii. Kama meno yako yana urefu wake wote tayari na tatizo ni taya la juu kuwa refu, au mdomo kupanda sana, kukata ufizi hakutakusaidia, utaishia kuwa na mizizi nje.

Baada ya ganzi akasukuma kile kichuma mpaka kikagusa mfupa. Hapa ndo penye siri yote. Kati ya ukingo wa ufizi na mfupa mwili unataka nafasi ya karibu milimita 3, ukiiminya ufizi unabaki mwekundu, umevimba, unatoka damu, au unaota tena kurudi ulipokua na pesa yako imeenda. Kwenye meno mawili ya kati nilikua na 5, akatoa 2 zikabaki 3, safi, ilitosha kukata ufizi peke yake. Lakini yale ya pembeni yake nilikua na 3 na nusu tu, akitaka kutoa moja na nusu zinabaki 2, haitoshi, so pale alifunua ufizi kidogo akapunguza na mfupa kisha akashona. Na chonge hakuzigusa kabisa, ufizi ulikua tayari uko palepale enameli inapoishia.

Vile vipembe vya ufizi katikati ya jino na jino pia aliviacha vyote, akasema hivyo vikikatwa vinaacha matundu meusi na kuvirudisha ni shida sana.

Alipomaliza nilijiangalia nikaona upande wa kushoto kama uko chini kidogo, na fizi bado zinaonekana, nikamwomba apunguze tena kidogo tu. Akakataa palepale. Kasema kushoto ni uvimbe, na hata kama si uvimbe, ukingo unahamahama mpaka ukomae, tutaongea baada ya miezi mitatu. Na kuhusu kupanda juu zaidi, akanionesha namba zake, enameli imeisha, mbele ya hapo ni mzizi, ambao ni wa njano na unapigwa na baridi. Kusema kweli niliudhika, lakini uvimbe uliposhuka kushoto na kulia vikalingana, na angenikubalia siku ile saa hizi kushoto pangekua juu.

Maumivu yalikua ya kawaida, sehemu iliyoshonwa ndo ilisumbua zaidi, na maji baridi yalichoma kwa muda kisha yakaacha. Kitu kimoja ambacho sikukipenda, maelekezo ya kupiga mswaki nilipewa haraka haraka mdomo ukiwa bado umekufa ganzi, wangeniandikia.

Sasa hivi nikicheka fizi zinaonekana kama milimita 3. Hizo ni za mdomo wangu kupanda sana, sio za meno. Daktari alinitajia sindano za botoksi za kulegeza misuli ya mdomo, ila zinaisha nguvu ndani ya miezi michache na inabidi urudie, kwahiyo nimeziacha. Kama unaenda kwa mtu na anataka kuanza kukata bila kupima mfupa, muulize kwanza zitabaki milimita ngapi, akishindwa kukujibu shuka kwenye kiti.