Mashine yangu ya kurenda usiku na mchana: mwaka mmoja na RTX 3090

Ninarenda picha za majengo kwa Blender hapa Dar es Salaam. Kipande cha sekunde 24 kina fremu 600, na kwa dakika nne kila fremu mashine inafanya kazi saa 40 mfululizo. Nilipoagiza kompyuta hii niliangalia kasi tu, na kasi haikuwahi kunisumbua.

Kilichonisumbua kwanza ni umeme. Nilikuwa na UPS iliyoandikwa VA 1500, betri mpya, lakini kila umeme ulipokatika kompyuta ilijiwasha upya huku skrini na ruta vikiendelea kuwaka. Kwenye Event Viewer niliona Kernel-Power 41, yaani mashine ilizimika ghafla. Betri ilikuwa na chaji, kwa hiyo nilijua tatizo liko kwenye ule mruko wa kutoka umeme wa ukutani kwenda betri. UPS ile ikiwa kwenye betri ilitoa mawimbi ya ngazi, na baadhi ya pawasaplai za siku hizi zenye PFC hazielewani nayo, hasa zikiwa zimebeba mzigo mzito. Nilinunua nyingine inayotoa wimbi kamili la saini, wati 900, na tangu hapo mruko haujawahi kunizimia kazi. Ukinunua, soma wati, usisome VA peke yake.

Joto nalo. Chumba changu hufika nyuzi 31 mchana, na kumbukumbu za RTX 3090, kadi yangu ya picha, zilipanda hadi nyuzi 106. Kuongeza feni kulisaidia kidogo. Kilichosaidia kweli ni kuipunguzia kadi umeme kutoka wati 350 hadi 260:

```
nvidia-smi -pl 260
```

Fremu sasa huchukua dakika 4 na sekunde 20. Saa 40 zimekuwa 43 na dakika 20, kumbukumbu hazipiti nyuzi 92, na mita ya ukutani imeshuka kutoka wati 520 hadi karibu 420, hivyo hata betri inadumu zaidi umeme ukikatika. Kwangu hayo ni mabadilishano mazuri mno. Ila amri hii husahaulika kompyuta ikijiwasha upya, na inahitaji ruhusa ya msimamizi. Nimeiweka kwenye Task Scheduler ijiendeshe kila mashine inapowaka.

Umeme ukikaa nje zaidi ya dakika chache, hakuna UPS ya bei yangu itakayohimili. Kwa hiyo ninarenda fremu za PNG, kamwe si faili moja la video, na Overwrite nimeiondolea tiki ili kazi iendelee ilipoishia. Kabla ya kuanza tena ninafuta fremu ya mwisho, kwa sababu mara mbili niliikuta imeandikwa nusu, na Blender ingeiruka ikidhani imekamilika.